Usaili na afisa wa London: saa moja inavyopotea bila saa ya simu kukosea

Jumanne, Machi 24, 2026. Kijana wa Mugumu, wilayani Serengeti, mwenye cheti cha kuongoza watalii, anapokea barua pepe. Kampuni ya safari yenye ofisi London inataka kumsaili kwa video wiki ijayo. Afisa ajira anamwomba ataje muda unaomfaa.

Kijana anatazama simu. Mugumu ni saa 7 mchana, London ni saa 4 asubuhi. Tofauti ni saa tatu. Anajibu kwamba Jumanne ijayo, Machi 31, saa 10:00 ya London inamfaa, kisha anajiandikia kwenye daftari: Jumanne, saa 7 mchana.

Hesabu hiyo ni sahihi kwa siku aliyoipiga. Kwa siku ya usaili si sahihi. Machi 31 akifungua video saa 7 kamili, mwenzake wa London atakuwa amemsubiri saa nzima na huenda ameshamwita mwombaji mwingine.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini tarehe zake ni za kweli. Kilichobadilika katikati ni London yenyewe.

Saa za London huhama, za Mara hazihami

Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa inayoandikwa UTC, mwaka mzima. Hakuna anayegusa saa ya ukutani. Ndiyo maana mtu wa Tarime akivuka Sirari kwenda Kenya habadilishi kitu.

Uingereza na nchi nyingi za Ulaya wao husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mwaka 2026 hizo ni Machi 29 na Oktoba 25. Kabla ya Machi 29, London iko nyuma ya Mugumu kwa saa tatu. Baada ya hapo ni saa mbili tu. Kwa hiyo saa 10:00 ya London Machi 24 ni saa 7 mchana Mugumu, lakini Machi 31 ni saa 6 mchana.

Frankfurt nayo huhama siku hiyohiyo: kutoka saa mbili nyuma hadi saa moja. Jiji hilo si geni Serengeti, kwani shirika la uhifadhi la Frankfurt Zoological Society limefanya kazi huko tangu enzi za Bernhard Grzimek, miaka ya 1950.

Marekani na Kanada husogeza saa pia, ila si siku moja na Ulaya. Wao huanza Jumapili ya pili ya Machi na kumaliza Jumapili ya kwanza ya Novemba, yaani Machi 8 na Novemba 1 kwa 2026. Toronto, yalipo makao makuu ya Barrick inayoendesha mgodi wa North Mara kule Nyamongo, huwa nyuma ya Tarime kwa saa nane kabla ya Machi 8, kisha saa saba.

Waombaji wenye bahati ni wale wanaosailiwa kutoka Afrika Kusini. Cape Town na Johannesburg ziko nyuma kwa saa moja tu na hazihami kamwe. Kampuni ya Singita, inayoendesha kambi za Grumeti magharibi mwa Serengeti, ina makao yake Cape Town. Dubai nayo haihami, ila iko saa moja mbele.

Kanuni inayotoka hapo ni fupi: tofauti ya saa ipigwe kwa tarehe ya usaili, si kwa tarehe ya leo. Kuuliza mtandaoni "sasa hivi London ni saa ngapi" kunajibu swali la leo tu.

Njia nyepesi ni kalenda ya simu. Kwenye Google Calendar mwombaji anafungua tukio jipya, anaweka tarehe ya usaili, anagusa sehemu ya `Time zone` na kuchagua London, kisha anaandika 10:00 na kuhifadhi. Akirudi kulitazama, tukio litakuwa limekaa kwenye saa za hapa: 12:00. Kalenda inajua Machi 29 ni siku gani, hata kama mwenye simu hajui.

Mtego wa pili uko kwenye lugha

Mswahili anasema saa 8 mchana, mzungu anasoma 8. Hapo kuna pengo la saa sita juu ya lile la London, na mapengo haya mawili yakichanganywa kichwani kwa wakati mmoja ndipo mtu hupotea kabisa.

Mtu atenganishe kazi hizo mbili. Kwanza aitoe saa ya Kiswahili na kuiweka kwenye saa 24, zote zikiwa bado ni saa za Mara. Akimaliza, ndipo aende London.

Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni anaongeza sita: saa 2 asubuhi ni 08:00, saa 8 mchana ni 14:00, saa 11 jioni ni 17:00. Saa 1 hadi saa 5 usiku anaongeza kumi na nane, kwa hiyo saa 2 usiku ni 20:00. Saa 6 usiku ni 00:00, na hapo tarehe imeshageuka. Saa 7 usiku ni 01:00 ya siku inayofuata.

Hilo la tarehe si dogo kwa anayesailiwa na Toronto. Mtu akisema "Jumatatu usiku, saa 7", wengine wataelewa ni usiku wa kuamkia Jumatatu, wengine usiku wa kuamkia Jumanne. Barua pepe haina nafasi ya kubishania hilo. Iandikwe tarehe, na saa 24. AM na PM ziachwe, hasa kwa saa 6 mchana, maana kuna wanaodhani 12 PM ni usiku wa manane.

Hata tarehe ina mtego wake. 01/04 kwa Mtanzania na Mwingereza ni Aprili mosi, kwa Mmarekani ni Januari 4. Jina la mwezi likiandikwa kwa herufi, ubishi unaisha.

Pendekezo linavyoandikwa

Kujibu "muda wowote unanifaa" kunaonekana kama adabu, lakini kunamrudishia afisa kazi yote, na atakayechagua muda atakuwa mtu asiyejua umeme wa Mugumu. Nafasi tatu zinatosha.

Siku ya kazi ya London, 09:00 hadi 17:00, baada ya Machi 29 ni 11:00 hadi 19:00 huku. Machi mwishoni ni msimu wa masika, na mvua zenye radi hupenda kuja alasiri au jioni. Umeme ukikatika au mnara ukizima, video imekufa. Tena kama mwombaji anategemea intaneti ya stesheneri mjini, jioni watu wanafunga. Kwa hiyo asubuhi ya London, ambayo huku ni kuelekea adhuhuri, ndiyo salama kuliko.

Ijumaa ya wiki ile ni Aprili 3, Ijumaa Kuu. London ni sikukuu, na Jumatatu ya Pasaka pia. Zinabaki Jumanne, Jumatano na Alhamisi:

```
Tue 31 Mar 2026, 10:00 London = 12:00 Dar es Salaam (UTC+3)
Wed 1 Apr 2026, 09:30 London = 11:30 Dar es Salaam (UTC+3)
Thu 2 Apr 2026, 11:00 London = 13:00 Dar es Salaam (UTC+3)
```

Saa ya mwajiri imetangulia ili asipige hesabu. Ya pili ipo ili makosa yaonekane: kama mwombaji amekosea, afisa ataona namba mbili hazilingani na atauliza. Imeandikwa Dar es Salaam badala ya Mugumu au Tarime kwa sababu ndilo jina analoweza kulipata kwenye orodha za kalenda. Nairobi nayo ingefaa.

Vifupisho vya saa ni vya kuepuka. EST na EDT za Toronto zinatofautiana kwa saa nzima. GMT ndiyo mbaya zaidi, kwani Waingereza wapo wanaoiandika kwa mazoea hata majira ambayo saa yao imeshasogezwa. Afisa akiandika "10:00 GMT" kwa Machi 31, ikichukuliwa kama ilivyoandikwa ni 13:00 ya Mugumu, lakini yawezekana anamaanisha saa ya ukutani kwake, yaani 12:00. Hapa mtu asikisie. Ajibu kwa sentensi moja: je, ni saa 10:00 kwa saa ya London siku hiyo, ambayo kwangu ni 12:00?

Mwaliko ukifika

Afisa akichagua, kwa kawaida hutuma mwaliko wa kalenda wenye kiungo cha video. Mwaliko huo hujigeuza wenyewe kwenda saa za simu inayoupokea. Ukionyesha 12:00 Machi 31, mambo yamekaa sawa.

Isipokuwa simu yenyewe inadanganya. Kuna simu zilizotoka Dubai zikiwa bado zimewekwa GMT+04:00, na mwenye nayo, akiona saa imezidi, akairudisha nyuma kwa mkono. Kioo kinaonyesha saa ya kweli, lakini ndani simu bado inaamini iko Dubai, na mwaliko wa 12:00 utasomeka 13:00. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa, kuwasha `Automatic`, au kama mtandao unasumbua, kuhakikisha ukanda unasomeka GMT+03:00. Hili lifanyike siku mwaliko unapofika, sio dakika tano kabla.

Kwa fundi wa Nyamongo anayesailiwa na Toronto mpango hugeuka. Asubuhi ya Toronto, 09:00 baada ya Machi 8, ni saa 10 jioni Tarime, na siku yao ya kazi inaisha huku saa 6 usiku. Nafasi nzuri ni kati ya saa 10 jioni na saa 1 usiku, na kama yuko zamu ya mchana aseme wazi kwamba kabla ya muda fulani hapatikani. Perth, Australia, ni kinyume: wako saa tano mbele na hawahami. Wao wanamfaa saa 2 hadi saa 4 asubuhi, ambayo kwao ni 13:00 hadi 15:00.

Na siku yenyewe, mwombaji akifungua kiungo akakuta hakuna mtu, asifunge. Asubiri dakika kumi, kisha atume ujumbe mfupi: niko kwenye video, hapa ni 12:10, London 10:10. Kama aliyekosea hesabu ni afisa, namba hizo mbili zitamwonyesha palepale.