Saa Zinazouzika: Hesabu ya Kufundisha Kiswahili Mtandaoni

Mwalimu wa Kiswahili kwa wageni zamani alihitaji mgeni awe amefika: mmisionari, mtafiti, mfanyakazi wa kujitolea aliyeshushwa Arusha akiwa na wiki mbili za kujifunza kabla ya kupelekwa kijijini. Siku hizi mgeni anaanza kujifunza akiwa bado kwao, na mwalimu aliye Moshi, Nakuru au Unguja anamfundisha akiwa chumbani kwake. Tovuti kubwa za walimu kama italki, iliyoanza 2007, na Preply, iliyoanza 2012, zina orodha ndefu ya walimu wa Kiswahili. Baadhi yao wamefungua pia tovuti zao wenyewe zenye picha, orodha ya masomo, ada na kalenda ya kuweka nafasi.

Ukiipitia orodha hiyo, jicho linakimbilia ada. Huyu anatoza dola 8, yule 15, mwingine 25. Anayetaka kuingia katika kazi hii hupiga hesabu palepale: dola 12 kwa somo, masomo matano kwa siku, siku 20 kwa mwezi, dola 1,200. Hesabu hiyo haina kosa la kuzidisha. Kosa lake ni kudhani kwamba kila saa ya mwalimu ina mnunuzi, na kwamba kila dola inayoandikwa kwenye tovuti inafika mfukoni.

Tuanze na dola. Kwa masharti ambayo Preply imekuwa ikiyatumia, mwalimu mpya hukatwa kamisheni ya asilimia 33, nayo hupungua kadiri saa alizofundisha zinavyoongezeka, hadi asilimia 18 akishavuka saa 400. Somo la kwanza kwa kila mwanafunzi mpya, lile la majaribio, mwanafunzi analilipia, lakini mwalimu hapati kitu. Lote ni la tovuti.

Tuchukue mfano wa mwalimu aliyeweka ada ya dola 12 kwa somo la dakika 50. Katika mwezi wa kwanza anafundisha masomo sita ya majaribio, na wanafunzi watatu wanaamua kuendelea, kila mmoja masomo mawili kwa wiki. Hayo ni masomo 24 ya malipo. Ishirini ya kwanza yanamwachia dola 8.04 kila moja. Manne yanayobaki, ambapo kamisheni imeshuka hadi asilimia 28, yanampa dola 8.64 kila moja. Jumla ni dola 195.36. Ameketi mbele ya kamera mara 30, sawa na saa 25, na tuseme kila somo lilimchukua dakika 20 za kuandaa na kusahihisha, yaani saa kumi nyingine. Kwa saa 35 za kazi amepata takriban dola 5.60 kwa saa, kabla ya bando, umeme na ada ya kutoa fedha.

Hiyo si fedha ya kudharau, lakini si dola 12. Walimu wanaodumu huvumilia miezi hiyo ya mwanzo kwa sababu tovuti kubwa inawapa kitu ambacho hawana, yaani wateja wasiowajua na maoni ya wanafunzi waliotangulia. Tovuti yako binafsi haikukati kamisheni, ila haimleti mtu. Njia inayofanya kazi ni kuwa na zote mbili: wageni wapya wanapatikana kwenye tovuti kubwa, na tovuti binafsi inawahudumia wale walioelekezwa na marafiki, vikundi vya kanisa, na wazazi walio ughaibuni. Kumhamisha kimyakimya mwanafunzi uliyempata kwenye tovuti kubwa ili ukwepe kamisheni ni kuvunja masharti, na akaunti hufungwa kwa kosa hilo.

Namna ya kupokea malipo nayo inatofautiana kwa nchi. Mwalimu wa Kenya anaweza kuhamisha fedha za PayPal kwenda M-Pesa tangu 2018. Mwenzake wa Tanzania kwa kawaida hutegemea Payoneer au kuhamishiwa moja kwa moja benki, na ni busara aache fedha zikusanyike kabla ya kuzitoa, maana ada za kutoa kidogo kidogo humla.

Sasa saa. Afrika Mashariki haibadilishi saa mwaka mzima, na mwanafunzi anayefanya kazi hujifunza kabla ya kwenda kazini, wakati wa chakula cha mchana, au baada ya kutoka. Mjerumani anayeanza somo saa 18:00 Berlin wakati wa baridi anamkuta mwalimu wa Dar es Salaam saa mbili usiku. Katika majira hayo hayo, mtu wa New York anayejifunza saa 7:00 asubuhi kabla ya kazi anamkuta saa tisa alasiri. Yule wa Los Angeles anayejifunza baada ya chakula cha jioni, saa 19:00 kwake, anamkuta mwalimu saa kumi na mbili asubuhi ya siku inayofuata. Muscat iko mbele kwa saa moja tu, na familia zenye asili ya Unguja zilizoko huko huchukua masomo ya watoto jioni bila usumbufu.

Ukizipanga saa hizo utaona kwamba katikati ya asubuhi ya mwalimu, tangu saa nne hadi saa sita mchana, karibu hakuna mnunuzi. Ulaya iko kazini, Marekani imelala. Mwalimu aliyeacha ajira ya shule ili afundishe mtandaoni "muda wote" anagundua kwamba muda wenyewe ni vipande viwili au vitatu vya siku. Kwa maoni yangu, kazi hii inamfaa zaidi mwenye shughuli nyingine ya asubuhi kuliko anayeitegemea peke yake.

Kalenda ndiyo inayoharibu jina la mwalimu kuliko sarufi. Tatizo hasa ni zile wiki ambapo Marekani na Ulaya hazibadilishi saa kwa pamoja. Chukua mwalimu mwenye wanafunzi wawili kila Alhamisi. Wa Berlin ni saa 18:00 kwake, ambayo wakati wa baridi ni saa mbili usiku Dar. Wa New York ni saa 13:00, wakati wa chakula cha mchana, ambayo ni saa tatu usiku Dar. Wanafuatana vizuri. Lakini Jumapili ya tarehe 8 Machi 2026 Marekani inasogeza saa mbele, na saa 13:00 ya New York inakuwa saa mbili usiku Dar. Berlin haisogezi hadi tarehe 29 Machi. Kwa hiyo Alhamisi tatu, tarehe 12, 19 na 26, wanafunzi wote wawili wanabisha hodi kwa wakati mmoja. Oktoba inarudia: Berlin inarudisha saa nyuma tarehe 25, Marekani tarehe 1 Novemba, na Alhamisi ya tarehe 29 inagongana tena.

Kalenda ya mtandaoni haikosei hesabu hii ikiwa mwalimu ameweka eneo lake sawasawa, `Africa/Nairobi` au `Africa/Dar_es_Salaam`, na kila somo la kujirudia limefungwa kwa eneo la mwanafunzi. Inayokosea ni ile ahadi ya WhatsApp: "tuonane saa zile zile". Kuna mtego mwingine wa kwetu. Mwanafunzi akishafundishwa kuhesabu saa kwa Kiswahili anapenda kuonyesha amejua, naye anaandika "saa moja jioni". Je, amekusudia 19:00 kwake au kwako? Au amechanganya na kukusudia 13:00? Walimu wenye uzoefu huthibitisha kila nafasi kwa mfumo wa saa 24 na jina la mji: 19:00 Berlin, 21:00 Dar. Kiswahili cha saa wanakiacha kibaki somoni.

Wiki mbili kabla ya kila mabadiliko, mwalimu huyo wa mfano angemwandikia mmoja wa wanafunzi wake na kumwomba asogee saa nzima kwa wiki hizo. Wengi hukubali wakiambiwa mapema. Wasiposogea, afadhali kufuta somo moja kwa taarifa kuliko kumwacha mtu aliyelipa akitazama skrini tupu.

Limebaki somo la majaribio, ambalo kwenye Preply mwalimu hulifanya bure kwa upande wake, hivyo faida yake yote iko katika mwanafunzi kurudi. Walimu wengi hulitumia kujieleza: shahada, miaka ya uzoefu, kisha wanafungua ngeli. Mgeni anasikia m-wa, m-mi, ki-vi, anatabasamu kwa adabu, anashukuru, na harudi.

Fikiria muuguzi wa Hamburg anayekwenda kujitolea Moshi baada ya miezi mitatu. Dakika tano za kwanza mwalimu anauliza atafanya kazi wodi gani na ataongea na nani, kisha anachagua kile atakachokihitaji kwanza. Anamfundisha "Shikamoo" na "Marahaba", na nani anamwambia nani, maana siku ya kwanza wodini atakutana na bibi wa miaka 70. Halafu anampa "ninatoka Hamburg", anamwachia atamke mwenyewe, na kumwonyesha kwamba ni- ni yeye na -na- ni sasa. Muuguzi anabadilisha: unatoka wapi? Anatoka Marangu. Kisha mwalimu anampa kitenzi kingine, kuumwa, na bila kuambiwa muuguzi anatunga "unaumwa?" Hapo amejua kwamba lugha hii inajengwa kwa vipande, na kwamba anaweza kuijenga. Ngeli zitakuja somo la nne au la tano.

Dakika tano za mwisho mwalimu anafungua kalenda, anaonyesha mada za masomo matatu yanayofuata, na kupendekeza siku mbili zenye nafasi kwa saa za Hamburg. Anayemaliza kwa "utaniambia ukiwa tayari" amempa mteja sababu ya kuondoka. Kipimo cha kama somo lilikwenda vizuri ni rahisi: rekodi somo kwa ridhaa ya mwanafunzi, na ukisikiliza ukakuta sauti yako ndiyo iliyotawala zaidi ya nusu ya muda, tatizo haliko kwenye ada.

Kuhusu mada, soko limegawanyika kwa namna inayoathiri ada. Wasafiri wa Kilimanjaro na Serengeti huchukua masomo manne au matano na kuondoka. Wanafunzi wa vyuo na watafiti hukaa muhula mzima. Wanaokaa miaka ni watoto wa Waswahili walio ughaibuni, ambao wazazi wao hulipa ili waweze kuongea na bibi na babu. Kwa mtoto wa miaka minane dakika 50 ni nyingi. Nusu saa mara mbili kwa wiki inatosha, na mzazi asiyeona mtoto akichoka hachoki kulipa.

Anayetaka kuanza asiandike ada kwanza. Achore wiki yake, aweke alama saa anazoweza kuuza Ulaya, Marekani na Ghuba, ahesabu ni masomo mangapi yanaingia humo, kisha atoe kamisheni na muda wa maandalizi. Kinachobaki akigawe kwa saa zote za kazi. Namba hiyo ndiyo ada yake ya kweli, na kama haimtoshi, aipandishe kabla ya mwanafunzi wa kwanza kufika.