Jinsi ya kumfundisha mtoto kusukutua koo bila kumeza maji

Msimu wa vumbi, watoto wengi wa Busia na Tororo huwashwa koo. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi hutuliza maumivu, lakini mtoto mdogo huyameza. Maji yakigusa nyuma ya ulimi, koo humeza lenyewe. Kinachoyazuia ni pumzi inayotoka nje, na mtoto huipata kwa kutoa sauti. Kwa hiyo anza na sauti, maji yafuate.

Chukua mfano wa mama na binti yake wa miaka 6, wamekaa nje na beseni.

Mama: Angalia paa, useme "aaa" mpaka nikuambie basi.

Mtoto: Aaaaa!

Mama: Vizuri. Sasa piga funda dogo, kama kijiko kimoja. Usimeze. Tema.

Mtoto: Nimetema! Hayana chumvi?

Mama: Bado. Leo ni maji matupu, ukimeza si kitu. Vuta pumzi kwa pua kwanza. Sasa piga funda, angalia paa, useme "aaa".

Mtoto: Aa... Mama, nimemeza.

Mama: Ulinyamaza, ndiyo maana. Sauti ikikatika, maji yanashuka. Ukichoka, inama haraka uteme, ndipo unyamaze.

Mtoto: Aaagrrr! Yanachemka mdomoni!

Mama: Hiyo ndiyo yenyewe. Tema.

Mlio huo wa mapovu ndio dalili kwamba amepata. Asipige kichwa nyuma sana, na asicheke akiwa na maji mdomoni, maana yanaweza kumpalia. Akikohoa, mwinamishe mbele na mpumzike. Watoto wengi wa chini ya miaka 6 hawawezi bado, usiwalazimishe.

Akishaweza maji matupu mara kadhaa bila kumeza, weka chumvi: nusu kijiko cha chai kwa glasi moja. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa. Yapime kwa tone kwenye kifundo chako cha mkono: yawe na joto kidogo, yasichome. Asukutue kwa sekunde chache, ateme, arudie mara tatu au nne. Akimeza funda moja kwa bahati mbaya hakuna hatari, ila asinywe glasi nzima.

Kumbuka kwamba chumvi hutuliza tu. Haiui bakteria wanaoshambulia koo. Baadhi yao wasipotibiwa kwa dawa wanaweza baadaye kuleta ugonjwa wa moyo. Mpeleke mtoto kituo cha afya akiwa na homa pamoja na maumivu ya koo, akiwa na uvimbe shingoni, au maumivu yakizidi siku tatu. Akishindwa kumeza mate, akidondokwa na udenda au akipumua kwa shida, usimpe maji ya kusukutua. Mkimbize hospitali saa hiyohiyo.