Kreatini na Marudio ya Mwisho wa Seti

Wasomaji wengi, hasa vijana wanaonyanyua vyuma, wameniandikia kuuliza iwapo unga wa kreatini una homoni iliyofichwa ndani yake, na baadhi yao wameambiwa na wauzaji kuwa mtu akiunywa wiki moja kifua kitajaa bila ya kutoka jasho. Huo ni uongo mtupu, na wanaousema wanawala vijana fedha zao. Kreatini si homoni. Mwili huitengeneza wenyewe, nasi huila katika nyama na samaki, na Mfaransa Chevreul aliigundua katika nyama tangu mwaka 1832.

Msuli unapokazwa kwa nguvu zote hutumia ATP, na ile iliyomo ndani yake haitoshi ila kwa sekunde chache mno. Hapo ndipo kreatini iliyobeba fosfeti huikabidhi fosfeti hiyo kwa ADP iliyobaki, nayo hurejea kuwa ATP papo hapo, pasi na kungojea hewa wala sukari. Hakuna njia nyingine mwilini iliyo nyepesi kama hiyo, na ndiyo sababu sichoki kuitaja. Lakini akiba yake ni haba, na katika juhudi kubwa kabisa takriban sekunde 10 humaliza sehemu yake kubwa. Anayetumia unga aghalabu huzidisha kreatini ya misuli kwa kadiri ya asilimia 20, na kwa kuwa akiba hujijaza tena wakati wa mapumziko, faida huonekana zaidi katika seti za mwisho, ambazo kwa desturi ndizo zinazopungua.

Tuseme kijana anasukuma kilo 80 akiwa amelala benchini, seti nne, akapata marudio 8, 7, 6 na 5, yaani 26. Akiongeza rudio moja tu katika kila seti, anafikia 30. Na akifanya hivyo mara mbili kwa wiki, katika wiki 12 atakuwa amesukuma chuma hicho mara 96 zaidi, na ni kazi hiyo, wala si unga, inayoulazimisha msuli kukua. Rawson na Volek, walipozipitia tafiti 22 mwaka 2003, waliona marudio yakiongezeka kwa wastani wa asilimia 26 kwa waliotumia kreatini na kufanya mazoezi, na asilimia 12 kwa waliofanya mazoezi peke yake. Kilo moja au mbili zinazoongezeka upesi mwanzoni ni maji ndani ya misuli, na wenye akiba iliyokwisha kujaa hawaoni tofauti kubwa.

Gramu 3 hadi 5 za kreatini monohidrati kila siku zatosha, na misuli hujaa baada ya wiki nne hivi. Mwenye maradhi ya figo amwone daktari kwanza; na mwenye afya akipimwa damu amwarifu daktari kuwa anaitumia, kwani kreatinini, ambayo ni mabaki yake, huweza kupanda hata figo zikiwa salama.