Umeongeza chokaa kwenye chakula cha kuku wa mayai? Piga hesabu upya

Mayai yakianza kutoka na ganda laini, mfugaji hukimbilia chokaa, na hapo hajakosea. Shida inaanza anapoimwaga juu ya mchanganyiko ambao tayari umetimia kilo 100.

Chukua mfano wa mfugaji wa Mikumi, wilayani Kilosa, anayejichanganyia chakula kwa vipimo hivi:

- Mahindi ya kuparaza: kilo 50
- Pumba za mahindi: kilo 20
- Mashudu ya alizeti: kilo 20
- Dagaa: kilo 8
- Chumvi, premiksi na unga wa mifupa: kilo 2

Tuseme protini ni asilimia 9 kwenye mahindi, 10 kwenye pumba, 26 kwenye mashudu na 55 kwenye dagaa. Zidisha kila kilo kwa asilimia yake, kisha jumlisha. Unapata kilo 16.1 za protini ndani ya kilo 100, yaani asilimia 16.1. Kuku anayetaga anahitaji kama 16, kwa hiyo hapo yuko sawa.

Chokaa ikiingia

Akiongeza kilo 8 za chokaa, mzigo unakuwa kilo 108. Protini ni ileile kilo 16.1, lakini sasa imegawanywa kwenye chakula kingi zaidi: 16.1 gawanya kwa 108 ni asilimia 14.9. Ganda litakuwa gumu, ila mayai yanaweza kupungua au kuwa madogo, na mfugaji asijue kwa nini.

Wengine hugawanya kila kipimo kwa 108 na kuzidisha kwa 100. Jumla inarudi 100 kweli, ila protini inabaki 14.9. Kumbe kutimiza 100 ni nusu tu ya kazi.

Punguza nini?

Punguza pumba, kwa sababu zinajaza tumbo bila kutoa nguvu nyingi. Mahindi yaache, ndiyo yanayobeba nguvu.

Kwanza toa kilo 8 za pumba kupisha chokaa. Jumla ni 100, protini 15.3. Kisha badilisha kilo 5 nyingine za pumba kwa mashudu. Kila kilo inayobadilishwa inaongeza protini gramu 160, hivyo tano zinaleta gramu 800.

Mchanganyiko mpya ni mahindi 50, pumba 7, mashudu 25, dagaa 8, chokaa 8 na vile vidogo 2. Jumla kilo 100, protini asilimia 16.1.

Angalizo

Mashudu yenye maganda mengi yana protini ndogo kuliko 26, na dagaa wenye mchanga hawafiki 55. Ukibadilisha muuzaji na utagaji ukashuka ndani ya wiki chache, shuku hapo kwanza. Badilisha namba hizo kwenye hesabu, kisha urudie hatua zilezile.