Mkasi Unapita Saa Ngapi?

Katika jengo la 30 Rockefeller Plaza jijini New York, kituo cha NBC kina studio mbili zenye sifa duniani kote. Studio 8H ni makao ya Saturday Night Live tangu Oktoba 11, 1975. Katika studio 6B hurekodiwa The Tonight Show, kipindi cha mazungumzo ya usiku kilichoanza 1954. Kwa miaka mingi taarifa ya habari ya jioni ya NBC nayo ilitoka katika jengo hilohilo. Kamera zinafanana, taa zinafanana, na vyumba vya kuongozea matangazo ukivitazama utadhani ni kimoja. Lakini mchukue mtayarishaji wa habari umkalishe ghafla kwenye kiti cha mwenzake wa burudani, atapotea kabla ya dakika kumi, wala si kwa sababu hajui kuchekesha. Vipindi vyote vitatu huandaa vitu vingi kuliko muda uliopo, kwa hiyo lazima kitu kikatwe. Habari hukatwa zikiwa hewani. Mazungumzo ya usiku hukatwa yakisharekodiwa. Burudani ya mubashara hukatwa saa moja na ushee kabla ya kuanza. Mengine yote, mpaka namna sentensi inavyoandikwa, yanatokana na hapo.

Nianze na habari, maana ndiyo kazi niliyoikalia. Taarifa ya saa mbili usiku haina muswada mmoja unaosomwa toka juu hadi chini. Ina randauni, orodha ya mistari inayoonyesha habari, msomaji wake, picha zake na sekunde ilizopangiwa. Kila habari husimama peke yake ili iweze kung'olewa bila kuacha pengo. Ndiyo maana mhariri mzoefu hufuta maneno kama “kama tulivyokueleza hapo awali”: huenda hilo la awali limeshakatwa.

Sekunde hizo hukadiriwa na programu ya chumba cha habari, kama iNEWS au ENPS, kwa kuhesabu maneno na kuyagawa kwa kasi ya msomaji. Hapa Kiswahili kina mtego wake. Kanuni ya zamani ya wasomaji wa Kiingereza ni maneno matatu kwa sekunde. Ukiiacha kanuni hiyo kwenye mashine, habari ya maneno 45 itaandikiwa sekunde 15, kumbe msomaji anayepita kwenye “wanaotuhumiwa” na “hayajatekelezwa” atachukua ishirini na zaidi. Tarakimu ni mtego mwingine. Kwa mashine inayohesabu maneno tu, 2025 ni neno moja, lakini mdomoni ni elfu mbili ishirini na tano. Habari ya bajeti yenye tarakimu sita inaweza kukudanganya sekunde nyingi, kwa hiyo wengi wetu huandika namba kwa maneno na kila msomaji hupimwa kasi yake mwenyewe.

Makadirio yakishatulia, hesabu hufanywa kinyumenyume. Tuseme taarifa lazima iishe 20:30:00, kwa sababu sekunde hiyohiyo mitambo itaanza tangazo la biashara lililolipiwa. Kuaga ni sekunde 20, hali ya hewa dakika mbili, michezo dakika nne na nusu. Toa moja baada ya nyingine: kuaga kuanze 20:29:40, hali ya hewa 20:27:40, michezo 20:23:10. Kuanzia hapo swali la mtayarishaji ni moja tu, tutafika michezo saa ngapi?

Saa 20:14 mwandishi aliyeko Dodoma yuko mubashara. Alipangiwa dakika moja na nusu, akazungumza dakika mbili na sekunde ishirini. Pembeni mwa kioo cha randauni panasomeka +0:50. Kati ya hapo na michezo kuna ripoti ya wavuvi ya 1:40 na habari mbili fupi za kusomwa tu, moja ya sekunde 25 na nyingine ya 30. Ukitoa ripoti ya wavuvi utabaki na pengo la sekunde 50, tena ilitajwa kwenye vidokezo vya mwanzo, na kilichoahidiwa kwenye vidokezo hakikatwi ila kwa dharura. Basi zinaondoka zile fupi mbili, jumla 55, na kioo kinageuka –0:05. Sekunde tano anapewa mtabiri wa hali ya hewa, ambaye hasomi neno kwa neno na anaweza kuvuta au kubana kidogo. Uamuzi huo hufanywa wakati ripoti nyingine inacheza, msomaji anaambiwa sikioni, na maandishi ya kioo cha kusomea yanarukia habari inayofuata. Hatari iko kwenye karatasi za mezani. Msomaji aliyepotezwa na kioo akizirudia, anaweza kuanza habari iliyokwisha kuondolewa huku nyuma yake ikitokea picha ya habari nyingine. Ukiona hivyo nyumbani, ujue mkasi ulipita na karatasi hazikuarifiwa.

Mazungumzo ya usiku yanaishi dunia nyingine kabisa. The Tonight Show hurushwa saa 23:35 ya New York, lakini hurekodiwa mapema jioni ya siku hiyo, mbele ya watazamaji waliokaa ukumbini. Urekodi wenyewe hujifanya ni mubashara: mambo yanakwenda kwa mpangilio ule utakaoonekana, na wakati wa matangazo ya biashara bendi inaendelea kuwapigia waliomo ukumbini. Kusimama na kurudia ni nadra, kwa kuwa kicheko cha mara ya pili si kicheko.

Skripti yake iko nusunusu. Utani wa ufunguzi huandikwa siku hiyohiyo. Waandishi huanza asubuhi na habari za siku, hutoa utani mwingi mno, mwenyeji huchuja, na uliobaki hujaribiwa mchana kabla ya watazamaji kuingia. Huo umeandikwa neno kwa neno. Mahojiano hayaandikwi hivyo, ila yasikudanganye kwamba ni ya kubahatisha. Kabla ya mgeni kufika, mtayarishaji wa sehemu hiyo humpigia simu na kuzungumza naye kwa kirefu, akivua visa. Katika visa kumi huchagua vitatu au vinne, huvipanga, kisha humwandikia mwenyeji kadi zenye maneno machache ya kufungulia kila kisa. Mwenyeji anapouliza, “Nasikia ulipotelea uwanja wa ndege?”, anajua kisa kinakoishia na mgeni anajua kwamba anajua. Anayejibu “Ndiyo, nilipotea kidogo tu” ameharibu kazi ya watu wengi.

Kwa kuwa mkasi unakuja baadaye, mwenyeji ana uhuru ambao msomaji wa habari hana. Mgeni akinoga anaachiwa hata dakika tatu za ziada, na mhariri wa picha ana saa chache za kuzirudisha. Kutambua alipokata si vigumu. Tazama bilauri ya maji ya mgeni, iliyokuwa imejaa kisha ghafla imefika nusu. Tazama pia ile picha ya watazamaji wakicheka inayoingia katikati ya maelezo bila sababu. Mara nyingi imewekwa kufunika mshono. Bei ya uhuru huu ni kwamba kiongozi wa nchi akijiuzulu saa tatu usiku, mwenyeji ataonekana saa tano na ushee akimtania kama bado yuko ofisini. Tiba ni kuwarudisha watu studio warekodi ufunguzi upya, au kuacha mambo yaende hivyo.

Burudani mseto, yenye maigizo mafupi, muziki na vichekesho, ndiyo iliyo ngumu kuliko zote inapokuwa mubashara. Si lazima iwe hivyo: Churchill Show ya Kenya imejengwa juu ya kurekodi mbele ya umma kisha kuhariri, na kwa upande wa mkasi iko karibu zaidi na mazungumzo ya usiku. Saturday Night Live imechagua njia ya mateso. Jumatatu mawazo yanatajwa mbele ya mgeni wa wiki. Jumanne watu wanaandika usiku kucha. Jumatano maigizo yapatayo arobaini husomwa kwa sauti mezani, na machache tu ndiyo yanayojengewa mandhari na kushonewa mavazi. Jumamosi saa mbili usiku kipindi kizima huchezwa kama mazoezi ya mwisho mbele ya watazamaji halisi, kwa takribani saa mbili. Hewani kuna dakika 90 tu, tena pamoja na matangazo ya biashara, kuanzia saa tano na nusu usiku, ambayo kwetu katika miezi ya baridi yao ni Jumapili saa moja na nusu asubuhi.

Kwa hiyo kati ya mazoezi na kurusha, Lorne Michaels, mwanzilishi wa kipindi hicho, huketi na wenzake na kuua maigizo kadhaa. Wanafuata kicheko walichokisikia, lakini si kicheko peke yake. Igizo halihami kama mstari wa randauni. Mandhari mawili yanayotumia sakafu ileile hayawezi kufuatana bila tangazo la biashara katikati. Mwigizaji aliyevaa wigi na ndevu za gundi hawezi kuonekana sekunde thelathini baadaye akiwa bwana harusi. Igizo lililochekesha sana linaweza kusukumwa karibu na saa saba usiku kwa sababu tu ya nywele za mtu mmoja.

Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini kipindi tajiri kama hicho bado kinasomwa kwenye kadi kubwa zilizoandikwa kwa mkono, kila mwigizaji na rangi yake. Mabadiliko yanaendelea hata kipindi kikiwa hewani: mstari unapigwa kalamu, kadi moja inachomolewa, anayeshika kadi anasogea kando ya kamera na maneno mapya. Hakuna mtambo wa kugoma.

Kinachotokea hewani hakirudishwi, hata kama mazoezi yalikuwa safi. Oktoba 3, 1992, mwimbaji Sinéad O'Connor alimaliza wimbo wake kwa kuchana picha ya Papa Yohane Paulo II. Kwenye mazoezi alikuwa ameonyesha picha ya mtoto. Mwongozaji Dave Wilson hakuwasha taa inayowaashiria watazamaji wapige makofi, na zaidi ya hapo hakuwa na la kufanya. Kipindi kiliporudiwa baadaye, NBC iliweka mahali pake kipande kilichorekodiwa kwenye mazoezi.

Hata baada ya kuchinja maigizo hayo yote, muda hautoki sawasawa, kwa kuwa vicheko havikadiriki. Dawa yake iko mwishoni, pale mgeni anaposhukuru na waigizaji wote kukumbatiana jukwaani huku bendi ikipiga. Sehemu hiyo haina skripti wala urefu. Kama igizo la mwisho lilicheleweshwa na vicheko, utaona mikono miwili ikipungwa na kipindi kimekatika. Kama muda ulibaki, wanakumbatiana mara ya pili, ya tatu, mpaka wengine hawajui tena wamshike nani.