Spika Imenyamaza: Tutengeneze au Tununue?

Sisi wa Dzaleka tusilipe nauli ya kwenda Lilongwe kununua spika kabla ya kujua ubovu uko wapi.

Tuseme spika ya kulia imenyamaza. Tuzime amplifaya, tubadilishane spika ya kulia na ya kushoto, kisha tuwashe kwa sauti ndogo. Kimya kikibaki upande wa kulia, ubovu ni wa amplifaya au waya. Kikihama pamoja na spika, spika ndiyo mbovu.

Basi tuifungue waya, tuiguse kidogo kwa betri moja ya tochi. Karatasi yake ikiruka na kutoa mlio, koili ni nzima. Isiporuka, tutazame nyuzi mbili zinazoingia kwenye karatasi; uzi uliokatika huungwa kwa risasi. Nyuzi zikiwa nzima, koili imekatika.

Spika inayokwaruza tuibonyeze karatasi polepole, kwa vidole vya mikono miwili. Isipokwaruza na tukaona mpasuko mdogo, gundi na karatasi nyembamba zatosha. Ikikwaruza, koili inasugua sumaku.

Koili ikikatika au ikisugua, tununue nyingine. Iliyoandikwa omu 8 tusiibadilishe kwa ya omu 4, maana itaweza kuunguza amplifaya. Wati nazo zisipungue zile za zamani.