Doti Kumi na Tano za Morogoro

Mwenye duka la jumla la khanga Kariakoo anafungua tawi Morogoro. Mzigo wa kwanza ni doti 1,000. Kila doti imemgharimu shilingi 8,000, naye ameongeza asilimia 25, hivyo bei ya kuuzia ni 10,000. Kwenye karatasi inayosafiri na mzigo anaandika bei hiyo ya kuuzia peke yake. Msimamizi wa tawi anajua amepokea mali ya shilingi milioni 10, na hahitaji kujua bosi alinunua kwa ngapi.

Usiri si sababu pekee. Tawi linapodaiwa kwa bei ya kuuzia, kila shilingi ya mzigo lazima ionekane mahali: ama imeingia kama mauzo, ama imerudi Kariakoo, ama iko rafuni. Mhasibu wa makao makuu anaweza kulikagua tawi bila kupanda basi.

Kazi hiyo hufanywa na akaunti tatu, zote zikiwa Kariakoo. Akaunti ya bidhaa za tawi inadebitiwa 10,000,000, yaani bei ya kuuzia. Akaunti ya bidhaa zilizopelekwa tawini inakrediti 8,000,000, ambayo ni gharama. Milioni 2 zinazobaki, ile nyongeza, zinakrediti akaunti ya marekebisho ya tawi. Hiyo ni faida inayotarajiwa tu. Khanga bado zimefungwa kwenye robota, na hakuna mteja aliyetoa hata senti.

Mwisho wa mwezi Morogoro inaleta hesabu zake. Mauzo ni 7,400,000, na doti 40 zenye thamani ya 400,000 zimerudishwa. Rafuni basi panapaswa kuwa na mali ya 2,200,000. Zinapohesabiwa, zinapatikana doti 205, yaani 2,050,000. Shilingi 150,000 hazionekani.

Sasa akaunti ya marekebisho inaanza kupunguzwa. Kila mali ambayo haikuuzwa huondolewa nyongeza yake, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Nyongeza ni asilimia 25 ya gharama, lakini takwimu zilizo mezani ni za bei ya kuuzia. Shilingi 2,000 katika 10,000 ni asilimia 20. Kwa hiyo mali iliyobaki inaondolewa 410,000, na iliyorudishwa 80,000. Anayekosea akatumia asilimia 25 ataondoa 512,500 kwenye mali iliyobaki, na faida yake itapungua kwa 102,500 bila sababu. Kosa hilo hugundulika upesi: doti 205 kwa shilingi 8,000 ni 1,640,000, na hicho ndicho kiasi kinachopaswa kuonekana kwenye mizania. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 2, hakiruhusu mali ibaki vitabuni juu ya gharama yake, kwa kuwa faida yake bado haijapatikana.

Zimebaki zile 150,000. Mhasibu akiamini kuwa ni doti 15 zilizopotea, atazigawa mara mbili. Nyongeza ya 30,000 itaondolewa kwenye marekebisho, kwa sababu faida hiyo haitakuja tena. Gharama ya 120,000 itakwenda kwenye faida na hasara, maana ni fedha iliyokwishatoka mfukoni. Faida ghafi inakuwa 1,480,000, na baada ya hasara hiyo inabaki 1,360,000.

Lakini huenda hakuna khanga iliyopotea. Tuseme katikati ya mwezi bosi alipiga simu akaagiza doti 150 zenye mtindo uliodorora ziuzwe kwa 9,000, na agizo hilo halikuandikwa popote. Mauzo yatakuwa doti 605 kwa bei kamili na 150 kwa bei ya punguzo: jumla ileile ya 7,400,000, na rafuni zilezile 205. Safari hii 150,000 zote zinaondolewa kwenye marekebisho, kwa kuwa punguzo linakula nyongeza peke yake na gharama haiguswi. Faida ghafi inashuka hadi 1,360,000, na hakuna hasara ya kutoa.

Faida ya mwisho ni ileile, na shilingi peke yake haziwezi kutofautisha visa hivi viwili. Kinachovitenganisha ni hesabu ya doti. Stakabadhi za mauzo zikionyesha doti 740, basi 15 hazipo na msimamizi ana maswali ya kujibu. Zikionyesha 755, kila doti imepatikana: 755 zimeuzwa, 40 zimerudi, 205 ziko rafuni. Hapo anayedaiwa maelezo ni aliyepiga simu bila kutuma karatasi ya punguzo.